Kona kali na tundu la mviringo katika bamba moja: mikunjo na pete za kushikilia

Chukua bamba la mraba lenye upande wa sentimita 20 na unene wa sentimita 2. Katikati yake toboa tundu la mviringo lenye nusu kipenyo cha sentimita 4. Kwa macho ni umbo jepesi kabisa, lakini kwa anayelijenga kwenye programu ya maumbo ya 3D, kwa njia ya ugawanyaji wa nyuso, kuna mvutano ndani yake. Kona nne za nje zinataka ukali, tundu linataka ulaini, na vyote viwili vimefungwa kwenye wavu mmoja wa vipeo. Ukishika kona ziwe kali, tundu linaanza kuwa la mraba. Ukilinda tundu, kona zinalainika kama sabuni iliyotumika. Wengi wanaojifunza kazi hii hukwama hapa, wakaanza kuongeza mistari ovyo wakitumaini kwamba mmojawapo utatibu. Bamba hili linatosha kuonyesha ukali wa kona unatoka wapi, na kwa nini mikunjo, yaani alama za ukali zinazowekwa kwenye kingo, na pete za kushikilia, yaani mistari ya ziada ya vipeo inayowekwa karibu na kingo, ni zana mbili tofauti hata pale zinapotoa picha inayofanana.

Tuanze na programu inavyofanya kazi unapowasha ugawanyaji. Kanuni inayotumika zaidi ni ile ambayo Edwin Catmull na Jim Clark waliitangaza mwaka 1978. Kila kipande cha wavu kinagawanywa, kipeo kipya kinawekwa katikati ya kila kipande na karibu na katikati ya kila ukingo, kisha vipeo vya zamani vinasogezwa kuelekea wastani wa majirani zake. Hatua hiyo inarudiwa, na kila mzunguko wavu unakuwa mwororo zaidi hadi unakaribia uso mmoja laini ambao hauwezi tena kubadilika. Huo ndio uso wa kikomo. Wavu unaouhariri kwa mkono ni vishikio tu vya kuuvutia huku na kule, na kwa kawaida hata haugusani nao.

Mahali ambapo kila kipeo kina kingo nne, uso wa kikomo unafuata hesabu ambayo inafaa kuikariri. Ukikata umbo kwa upande mmoja na kutazama mstari wa vipeo, kipeo P chenye majirani A na B kitaishia hapa:

```
P' = (A + 4P + B) / 6
```

Maana yake ni kwamba kila jirani anamvuta P kwa sehemu moja ya sita. Sasa P akiwa kwenye kona ya pembe mraba, na kila jirani yuko umbali d, kona itarudi nyuma d/6 kwa kila upande. Jirani akiwa sentimita 10 mbali, kona inarudi zaidi ya sentimita moja na nusu. Akiwa milimita 3 mbali, inarudi nusu milimita. Basi ukali wa kona hautokani na kona yenyewe. Unatokana na umbali wa majirani wake pale kanuni ya kulainisha inapoanza kufanya kazi. Mengine yote yaliyobaki katika makala haya yanatoka kwenye sentensi hiyo.

Tujenge bamba. Nitatumia Blender kwa mfano, kwa sababu ni ya bure na majina ya amri zake yanajulikana, ila hesabu ni ileile kwenye programu yoyote inayofuata kanuni hii. Anza na mraba wa upande wa sentimita 20, ugawe mara moja ili upate vipeo vinane pembeni na kimoja katikati, kisha ufute cha katikati. Hapo una fremu ya vipeo vinane: kona nne na katikati ya pande nne. Ndani yake weka duara la vipeo vinane, kisha unganisha fremu na duara kwa `Bridge Edge Loops`. Vipeo vya duara vinaangaliana vizuri na vya fremu, kila kimoja na mwenzake, na kati yao kunatokea vipande vinane vya pembe nne. Vuta umbo kwa `E` kwenda chini sentimita 2, na bamba limepata unene. Kila kipeo kina kingo nne kamili, hakuna pembetatu, hakuna kipeo chenye kingo tatu au tano. Ni wavu safi wa kutosha kutuwezesha kutabiri matokeo kwa kalamu.

Jambo la kwanza la kutabiri ni ukubwa wa tundu. Duara la vipeo vinane halibaki na ukubwa uliolichorea. Kila kipeo kinavutwa ndani na majirani wake wawili, na kwa duara la vipeo n lenye nusu kipenyo R, matokeo ni R × (4 + 2cos(360°/n)) / 6. Kwa vipeo vinane hiyo ni takriban 0.902 ya R. Ukichora duara la sentimita 4, utapata tundu la sentimita 3.6. Kwa hiyo chora duara la sentimita 4.43, na tundu litatua kwenye sentimita 4. Linalofurahisha ni jinsi mduara huo ulivyo sahihi: tofauti kati ya sehemu yake iliyo mbali zaidi na kitovu na ile iliyo karibu zaidi haifiki milimita 0.05. Vipeo vinane vinatosha kabisa kwa tundu la aina hii. Ninasisitiza hili kwa sababu wengi hukimbilia vipeo 32 au 64 wakidhani wingi ndio ulaini, kisha wanajikuta na wavu mzito ambao kila marekebisho madogo yanaacha mabonde. Vipeo vichache vilivyopangwa kwa usawa huleta uso laini kuliko vingi vilivyosogezwa kwa mkono.

Washa `Subdivision Surface` kwa ngazi ya 3. Unachokiona hakifanani na bamba. Ni kitu cha duaraduara, kingo zote zimezama, na kona nne zimerudi ndani zaidi ya sentimita 1.67 kwa kila upande: majirani wa ukingo wa nje wanazirudisha 10 kugawanya kwa 6, kama hesabu ilivyosema, na mvuto wa vipeo vya tundu unaongeza juu yake.

Kingo za mlalo ni rahisi, kwa hiyo tuzimalize haraka. Kuna kingo nne zinazozunguka bamba: mdomo wa tundu juu na chini, na ukingo wa nje juu na chini. Kila mmoja unahitaji pete ya kushikilia pande zake zote mbili. Chagua vipande vinane vya juu, bonyeza `I`, weka milimita 3, na papo hapo utapata pete mbili, moja kando ya tundu na nyingine kando ya ukingo wa nje. Fanya hivyo hivyo upande wa chini. Kwenye kuta, ya ndani na ya nje, tumia `Ctrl+R` kuweka pete mbili kila ukuta, kisha zisukume hadi milimita 3 kutoka juu na chini. Pete hizi nane zinazunguka tundu sambamba na mduara wake. Hazina hata kipeo kimoja kinachoongezeka kwenye duara, kwa hiyo tundu halitikisiki. Mwisho ongeza pete moja zaidi kwa `Ctrl+R` kwenye uso wa juu, sentimita 3 hivi kutoka ukingo wa nje, na nyingine kama hiyo chini. Pete hizo mbili za kati hazina kazi ya ukali. Tutazihitaji baadaye.

Sasa kingo za juu na chini zimenyooka na mdomo wa tundu umekaza. Kilichobaki ni kingo nne za wima, zile za kona za nje, na hapa ndipo matatizo yanapoanzia.

Jibu la kwanza linalokuja kichwani ni kufanya kama tulivyofanya: weka pete upande huu na upande ule wa kila ukingo wa wima. Ukibonyeza `Ctrl+R` karibu na kona, programu inachora pete inayopanda ukuta wa nje, inavuka uso wa juu, inashuka kwenye ukuta wa tundu, inarudi chini ya bamba na kujifunga. Haina pa kuishia, kwa sababu kwenye wavu wa vipande vya pembe nne tupu pete huendelea hadi ikutane na mwanzo wake. Ukiweka pete mbili kwa kila kona, zote nane zinapita ndani ya tundu. Tuseme umeziweka kwenye asilimia 10 ya urefu wa kila ukingo zinaoukata. Kona za nje zinakuwa kali na kazi inaonekana imekwisha, mpaka utazame tundu.

Kwenye duara, vipeo vinne vya mshazari sasa vina majirani wapya walio karibu sana, na majirani hao wamekaa juu ya mstari mnyoofu wa upande wa pembenane, kwa sababu `Ctrl+R` hukata ukingo palepale ulipo bila kufuata mviringo. Tumia hesabu ileile. Vipeo vya mshazari vinavutwa kidogo mno, vinabaki kwenye 0.99 ya R, yaani sentimita 4.39 kutoka kitovu. Vile vinne vingine, vinavyotazama katikati ya pande za bamba, vinarudi hadi 0.912 ya R, yaani sentimita 4.04. Tundu lililokuwa na kasoro isiyofika milimita 0.05 sasa lina tofauti ya milimita 3.5, na limepata kona nne zinazoelekea kona nne za bamba. Limekuwa mraba mnene. Pete ilifanya kazi yake sawasawa: ilipeleka ukali kila mahali ilipopita, na programu haikuwa na njia ya kujua kwamba uliuhitaji nje tu.

Kasoro ya namna hii haionekani vizuri ukitumia rangi ya kawaida ya kijivu, na ndiyo maana inawapita wengi hadi dakika ya mwisho. Iwekee modeli `Shade Smooth`, kisha kwenye mwonekano wa `Solid` chagua `MatCap` inayong'aa kama chuma na uzungushe umbo taratibu. Mng'ao unaoteleza kwenye ukuta wa tundu unapaswa kupita kwa kasi moja. Ukiona unasita, unabanika kuwa mstari mwembamba, kisha unaruka kwenda mbele, hapo ndipo pete mbili zimekaribiana juu ya uso uliopinda. Kipimo kingine ni cha uhakika zaidi: weka duara jingine la vipeo vingi lenye nusu kipenyo cha sentimita 4 kamili juu ya tundu, tazama kutoka juu, na pengo litajionyesha lenyewe.

Kuna wanaojaribu kutibu kwa kuvisogeza vipeo vipya vya tundu hadi vikae juu ya mduara kamili. Inapunguza tatizo, haiondoi. Vipeo vikiwa juu ya mduara lakini kwa nafasi zisizo sawa, viwili vimebanana na cha tatu kiko mbali, kila kimoja kinavutwa kwa kiasi tofauti na mduara unabaki na mawimbi. Kanuni hii inapenda nafasi sawa kuliko inavyopenda vipeo vilivyokaa mahali sahihi.

Njia ya pili ni mkunjo. Kwa mkunjo huongezi kipeo chochote. Unauwekea ukingo alama inayoiambia programu itumie kanuni nyingine hapo: kipeo kipya cha ukingo kiwe katikati yake kabisa, bila kuvutwa na vipande vya pembeni, na vipeo vya ukingo huo vihesabu wastani na majirani walio juu ya mkunjo peke yao. Kila upande wa mkunjo unalainishwa kana kwamba upande wa pili haupo. Chagua kingo nne za wima, bonyeza `Shift+E`, andika 1, na kona za nje zinakuwa kali huku tundu likibaki vilevile, sentimita 4 na mviringo safi.

Lakini kuna mahali pa kuwa makini sana, na sijaona likielezwa vya kutosha: mkunjo unaishia wapi. Kipeo kinachoguswa na ukingo mmoja tu wenye mkunjo kinahesabiwa kwa kanuni ya kawaida ya kulainisha. Ukikunja ukingo wa wima kutoka kona ya chini hadi kona ya juu na kuishia hapo, ile kona ya juu yenyewe, ambayo ndiyo macho yanaitazama kwanza, itakuwa mwisho wa mkunjo. Majirani wake kwenye ukingo wa nje wako sentimita 10 mbali, nao watamvuta ndani kwa nguvu zao zote. Utaona ukuta umenyooka kwa ukali kabisa, kisha milimita chache kabla ya kufika juu, kona inazama kama imeng'atwa.

Dawa yake ni kuuendeleza mkunjo. Upandishe ukuta, uvushe kona, uupitishe kwenye pete ya kushikilia ya juu, na uufikishe kwenye pete ile ya kati tuliyoiweka sentimita 3 ndani. Fanya hivyo chini pia. Kona yenyewe sasa ina kingo mbili zenye mkunjo, moja ya ukuta na moja ya uso wa juu, kwa hiyo inalainishwa na majirani hao wawili tu, ambao wako karibu. Inapata mviringo mdogo unaofuata ukingo wa juu, na haizami. Mwisho wa mkunjo uko katikati ya uso tambarare, ambako kipeo kinaweza kuteleza huku na kule bila jicho kugundua, maana vipeo vyote vinavyomzunguka viko kwenye bapa moja. Kanuni ya kazi ni hiyo: mkunjo uishie mahali tambarare, mbali na ukingo wowote unaoonekana.

Mkunjo wa 1 una tatizo lake. Unaleta kona kali isiyo na mviringo hata kidogo, na kona ya namna hiyo haishiki mwanga. Kitu cha chuma, mbao au plastiki kina mviringo mdogo kwenye kila ukingo, na mstari mwembamba wa mwanga unaokaa kwenye mviringo huo ndio unaoliambia jicho kwamba kitu hiki ni kizito na ni cha kweli. Kwenye bamba letu kingo za mlalo zina mstari huo, kwa sababu zimeshikwa na pete. Kingo za wima hazina. Tofauti inaonekana mara moja.

Hapo ndipo mkunjo wa kiasi unapoingia. Wazo hili lilielezwa mwaka 1998 na Tony DeRose, Michael Kass na Tien Truong wa Pixar. Mkunjo unapewa namba ya ukali, na kila hatua ya ugawanyaji inapunguza namba hiyo kwa moja. Namba ikiwa bado haijaisha, kanuni ya mkunjo inatumika. Ikiisha, kanuni ya kawaida inashika usukani na kulainisha kilichobaki. Namba isiyo kamili inachanganya kanuni hizo mbili kwenye hatua ya mwisho.

Sasa rudi kwenye ile sentensi ya umbali wa majirani. Kona ya bamba letu ina majirani walio sentimita 10 mbali. Katika kila hatua ya mkunjo, kipeo kipya kinawekwa katikati ya ukingo, kwa hiyo jirani mpya yuko nusu ya umbali wa awali. Baada ya hatua moja yuko sentimita 5, baada ya mbili 2.5, baada ya tano 0.31. Ulainishaji ukianza hapo, kona inarudi nyuma kana kwamba ungeweka pete ya kushikilia milimita 3.1 kutoka kwenye ukingo. Hivyo mkunjo wa ukali wa 5 unafanana kwa mviringo na pete zetu za milimita 3, bila pete yoyote kupita ndani ya tundu. Pete inamleta jirani karibu kwa mkono. Mkunjo unachelewesha ulainishaji hadi jirani ajilete mwenyewe.

Kuna hata mahali ambapo mkunjo unashinda pete. Pete ya milimita 3 kwenye ukuta wa nje ina kipeo kinachofuata sentimita karibu 10 mbele, na kwa hesabu yetu uso wa kikomo wa pete hiyo unaishia (0 + 4 × 0.3 + 10) / 6, yaani sentimita 1.87 kutoka kwenye kona. Ukuta unaanza kupinda hapo, mbali kabisa na pete uliyoiweka. Kupinda kwenyewe ni kudogo mno, hakufiki nusu milimita, lakini kwenye chuma kinachong'aa ukuta utaonekana umevimba kidogo ukikaribia kona. Tiba ni pete ya pili kwenye milimita 6, ambayo inaurudisha mwanzo wa mpindo hadi milimita 3 kamili. Mkunjo wa kiasi unapanga vipeo vyake kwa nafasi sawa tangu mwanzo, kwa hiyo hauna uvimbe huo.

Kwenye Blender, namba unayoiandika kwa `Shift+E` ni kati ya 0 na 1, na uhusiano wake na ukali halisi hauendi kwa mstari mnyoofu:

```
ukali = 10 × mkunjo × mkunjo
```

Mkunjo wa 0.5 unatoa ukali wa 2.5 tu, ambao kwenye bamba letu ni kona iliyolainika vibaya. Ukali wa 5 unaupata kwenye 0.71. Ndiyo sababu ukisogeza mkunjo kutoka 0 hadi 0.4 ukali unafika 1.6 tu, kisha kutoka 0.6 kwenda juu unapanda upesi kuanzia 3.6. Na 1 inatoa 10, ambayo hesabu ya ndani inaichukua kuwa ukali usio na mwisho.

Gharama ya mkunjo wa kiasi iko kwenye ngazi za ugawanyaji. Ukali wa 5 unatumia hatua tano za kwanza bila kulainisha chochote. Ukitazama modeli kwenye ngazi ya 3, kona itaonekana kali tupu, na unaweza kuongeza au kupunguza mkunjo kati ya 0.6 na 1 bila kuona tofauti yoyote. Mviringo unaanza kujitokeza kwenye ngazi ya 6. Bamba letu, pamoja na pete zake zote za mlalo, lina vipande 112. Kwenye ngazi ya 3 vinakuwa 7,168. Kwenye ngazi ya 6 vinakuwa 458,752, kwa bamba moja lenye tundu. Kwa modeli moja inayopigwa picha kwa karibu hilo linavumilika. Kwa mashine yenye mabamba mia mbili kama hayo, kompyuta itasimama.

Kwa hiyo kuna njia ya tatu, na kwa kazi nyingi ndiyo ninayoichagua: tumia pete za wima, lakini zikatishe kabla hazijafika kwenye tundu. Uso wa juu ni tambarare, na tambarare inasamehe. Kwenye pete ya kati, kila kona ina vipeo vitatu vilivyokaa pamoja: kile cha mshazari na viwili vya pete za kushikilia. Chagua viwili vya pembeni, kisha cha mshazari mwisho, bonyeza `M` na uchague `At Last`. Vitatu vinakuwa kimoja. Endelea hivyo kwenye kila pete kuelekea ndani: ile ya kando ya tundu, mdomo wa tundu, zile za ukutani, na upande wa chini hadi pete ya kati ya huko. Tundu linarudi kuwa na vipeo vinane vyenye nafasi sawa, na kona za nje zinabaki na pete zao.

Kinachobaki kwenye kila kona, kati ya pete ya kushikilia ya nje na pete ya kati, ni pembetatu mbili zinazokutana kwenye kipeo kimoja chenye kingo sita. Utasikia kwamba pembetatu ni mwiko katika kazi hii, na kwamba kipeo chenye kingo zaidi ya nne ni dhambi. Tahadhari hiyo ina msingi: kwenye kipeo cha namna hiyo uso wa kikomo unapoteza ulaini wake kamili, mpindo unabadilika kwa ghafla, na kwenye uso uliopinda utaona kijibonde au nukta inayong'aa. Lakini hapa vipeo vyote vinavyoizunguka viko kwenye bapa moja, na wastani wa pointi zilizo kwenye bapa moja hauwezi kutoka nje ya bapa hilo. Hakuna mpindo wa kuharibika. Pembetatu hizohizo ukiziweka kwenye ukuta wa tundu, mng'ao utazifichua mara moja. Swali la kuuliza kuhusu pembetatu ni ilipo, kabla ya kuuliza kama ipo.

Njia hii inatoa mviringo wa milimita chache kwenye kona ukiwa ngazi ya 2 au 3, ambapo bamba lina vipande elfu kadhaa tu. Kazi yake ni kubwa zaidi kwa mkono, na ukitaka kubadilisha ukali baadaye itabidi usogeze pete zote nane. Mkunjo unabadilishwa kwa namba moja. Ndiyo maana wakati umbo bado linatafutwa, na vipimo vinabadilika kila saa, naanza na mikunjo kila mahali. Umbo likishakubalika, naondoa mikunjo kwenye kingo zitakazoonwa kwa karibu na kuziwekea pete. Zile za nyuma na za ndani zinabaki na mikunjo yake.

Jambo la mwisho linalowakuta watu ni pale modeli inapotoka kwenye programu. Pete ni vipeo halisi na zinasafiri na faili lolote. Mkunjo ni namba iliyobandikwa kwenye ukingo, na faili la glTF halina mahali pa kuihifadhi, kwa hiyo huko itabidi ugawanyaji uwe umeshafanywa na kuwa vipande vya kawaida kabla ya kuhamisha. Faili la USD linaihifadhi mikunjo, katika `creaseIndices`, `creaseLengths` na `creaseSharpnesses`, lakini linaandika ukali halisi. Ukifungua faili hilo kwenye programu nyingine na kukuta 5 mahali ulipoandika 0.71, hakuna kilichoharibika. Kinachofaa kuangaliwa ni kama programu hiyo inagawanya kwa kanuni ya Catmull na Clark na kwa ngazi ngapi, kwa sababu ukali wa 5 kwenye ngazi ya 2 utaonyesha kona isiyo na mviringo wowote.